Kozi, Kipaji na Ajira: Yapi ya Kweli Katika Yanayosemwa?

Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka mwezi Julai, dirisha la udahili wa vyuo vikuu hufunguliwa, na nyumba nzima huanza kumshauri mtu mmoja. Baba anataja uhasibu. Mjomba anasema ualimu, kwa sababu yeye mwenyewe aliajiriwa siku ile ile aliyomaliza. Rafiki anamwambia afuate moyo wake. Kila mmoja anasema kwa mapenzi, na kila mmoja ana kauli anayoiamini kama sheria. Nimekaa na vijana wengi katika wiki hizo, na ninaloliona ni kwamba hawakosei kwa kukosa ushauri. Wanakosea kwa kufuata kauli ambazo zina ukweli nusu, kisha wanaulipia ule upande wa pili kwa miaka mitatu, minne au mitano. Basi tuzipime baadhi yake, kwa mazingira ya Tanzania, ambako Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayoweka sifa za chini na mwombaji anapeleka maombi yake moja kwa moja chuoni.

Kauli: "Ukiipenda fani, utaiweza."
Si kweli.

Tatizo ni kwamba neno "kupenda" hubeba mambo matatu tofauti. Kuna kupenda somo, kuna kupenda mwalimu aliyelifundisha, na kuna kupenda picha ya mtu aliye kazini. Kijana anayesema anapenda sheria mara nyingi amependa mdahalo wa shuleni na wakili aliyemwona kwenye televisheni. Sheria yenyewe, kuanzia mwaka wa kwanza, ni kusoma hukumu ndefu, kutafuta sababu iliyomfanya jaji aamue hivyo, na kuandika hoja ile ile mara tatu mpaka isimame. Anayesema anapenda kompyuta mara nyingi amependa simu na michezo yake. Kozi ya sayansi ya kompyuta humpokea kwa hisabati, mantiki na saa nyingi za kutafuta kosa moja ndani ya programu isiyotaka kufanya kazi. Wapo wanaoyafurahia haya kwa dhati. Lakini hutajua kama wewe ni mmoja wao kwa kuitazama picha.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa pili wa kozi hiyo. Mwaka wa kwanza hauonyeshi vizuri, kwa sababu masomo yake mengi ni ya utangulizi yanayofanana kwenye kozi nyingi. Kisha muombe mwanafunzi anayeisoma akuazime daftari lake na mitihani iliyopita ya somo moja, ukae nayo siku kadhaa. Huna haja ya kuelewa kila kitu. Angalia kama unarudi kwenye daftari bila kusukumwa, na kama swali lililokushinda linakukera kiasi cha kutaka kulijua. Mapenzi ya namna hiyo yana thamani kubwa, kwa sababu ndiyo yatakayokuamsha usiku wa kuamkia mtihani. Ila hata hayo hayatoshi kuziba pengo la msingi. Anayeipenda uhandisi lakini hajawahi kuzielewa hesabu za Kidato cha Tano atakula sapu mwaka wa kwanza, na wa pili, na wengine wenye mapenzi ya kweli hudisko.

Kauli: "Alama zako za Kidato cha Sita ndizo uwezo wako."
Nusu kweli.

Hapa nitaleta mfano ambao nitaufuata hadi mbele. Ni mfano wa kutunga, lakini kila anayeshauri waombaji atautambua. Kijana amesoma tahasusi ya EGM: Uchumi, Jiografia na Hisabati. Amepata A ya Jiografia, C ya Uchumi na D ya Hisabati. Anapenda ramani tangu utotoni. Baba anataka asome uhasibu, mjomba anataka asome ualimu.

Kwa hesabu ya udahili, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sifa ya chini ya jumla kwa mwenye matokeo ya Kidato cha Sita ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha E au zaidi, yenye jumla isiyopungua pointi 4, na masomo hayo yawe yale yanayotajwa na kozi husika. Kijana wetu akihesabu Jiografia na Uchumi ana 8. Akihesabu Uchumi na Hisabati ana 5. Kwa hiyo kozi inayotaka hisabati inampokea kwenye karatasi, na hapo ndipo wengi husema, "Basi naiweza."

La. Sifa ya chini inakuambia kwamba hutakataliwa kuomba. Haisemi kwamba utachaguliwa, na wala haisemi kwamba utafaulu. Angalia udaktari wa binadamu: miongozo ya miaka ya karibuni imetaka jumla ya pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na angalau D katika kila somo. Mwenye D tatu amefika. Lakini vyuo vinavyogombewa hujaza nafasi zake kwa wenye alama za juu zaidi ya hapo, na huyo mwenye D tatu hujikuta akichaguliwa kwenye chuo ambacho ada yake familia haiimudu, au hachaguliwi kabisa, na dirisha limepita.

Upande wa pili wa nusu kweli ni huu: alama hubeba hadithi ya shule pia. D ya Hisabati ni maksi kati ya 50 na 59. Kwa shule yenye mwalimu wa hisabati aliyekaa miaka yote miwili, D hiyo inaeleza mengi kuhusu mwanafunzi. Kwa shule ambako mwalimu alihama katikati ya Kidato cha Tano na wanafunzi wakafundishana wenyewe, D hiyo ni kazi ya mtu mwenye uwezo. Namna ya kutofautisha ni kuangalia mambo mawili. La kwanza ni mwendo: alipata nini Kidato cha Nne, mtihani wa muhula, mock, na mwisho? Anayepanda kutoka F ya muhula wa kwanza hadi D ya mwisho anatofautiana sana na anayeshuka kutoka B. La pili ni mada zenyewe. Kijana wetu alipoulizwa, alikuwa anapoteza maksi kwenye kalkulasi, lakini takwimu na hesabu za riba alikuwa anazifanya vizuri. Taarifa hiyo ni kubwa kuliko herufi D yenyewe, kwa sababu kozi hazitumii hisabati yote. Zinatumia kipande.

Kauli: "Nchi ina upungufu wa wataalamu hawa, kwa hiyo ajira ipo."
Si kweli, na hii ndiyo iliyoumiza wengi zaidi.

Mjomba hasemi uongo. Alimaliza chuo wakati Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, ulikuwa unajenga shule za kata kila mahali. Madarasa yalisimama kabla ya walimu kupatikana. Vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa vilianzishwa 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata 2007, na maelfu ya vijana wakadahiliwa kusoma ualimu. Aliyemaliza alipangiwa kituo bila usaili. Kwa miaka karibu kumi, ualimu ulikuwa njia iliyonyooka kuliko zote kutoka chuoni hadi kwenye mshahara.

Kisha mambo mawili yakaenda kwa pamoja. Vyuo viliendelea kutoa walimu kwa kasi ile ile, kwa sababu chuo kikishajengwa na wahadhiri wakishaajiriwa hakipunguzi udahili kirahisi. Na Serikali mwaka 2016 ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Ajira ziliporudi, zilirudi kwa mafungu. Mwaka huo huo elimu bila ada ilianza na wanafunzi wakaongezeka, hivyo uhitaji wa walimu ulipanda wakati walimu wanazidi kurundikana mtaani. Mapema 2025, walimu walipoitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Mle ndani walikuwemo waliomaliza 2015.

Jambo la kushika hapa ni tofauti kati ya uhitaji na nafasi ya kazi. Uhitaji hupimwa na shule: wanafunzi 90 kwa mwalimu mmoja ni uhitaji. Nafasi ya kazi hupimwa na bajeti: lazima kuwe na kibali cha ajira, na kibali hutoka kwa anayelipa mshahara. Pale ambapo mwajiri mkubwa ni mmoja tu, yaani Serikali, upungufu mkubwa na ukosefu mkubwa wa ajira vinaweza kukaa mahali pamoja kwa miaka mingi. Ndiyo maana kuna vituo vya afya visivyo na daktari huku madaktari waliomaliza miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa utarajali wako nyumbani wakisubiri tangazo. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kozi yoyote lisiwe "wanahitajika?" Liwe "nani analipa, na wako wangapi wanaoweza kulipa?"

Ndani ya kozi moja pia kuna masoko mawili. Mwalimu wa Fizikia na Hisabati na mwalimu wa Historia na Kiswahili wana shahada inayofanana jina, lakini shule binafsi humtafuta wa kwanza kwa simu, na wa pili huacha barua getini. Anayeambiwa "soma ualimu" bila kuambiwa masomo gani hajashauriwa.

Kosa jingine la kusoma soko ni muda. Unachagua leo, utauza ujuzi wako baada ya miaka mitatu au minne. Gesi asilia ilipogunduliwa kwa wingi kwenye kina kirefu cha bahari kusini kuanzia 2010, bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam likakamilika 2015, na kozi za mafuta na gesi zikajaa vijana wenye alama nzuri sana. Mradi mkubwa wa kuchakata gesi wa Lindi, ambao ndio uliotarajiwa kuleta kazi nyingi, ukabaki kwenye majadiliano mwaka baada ya mwaka. Tena kazi ya gesi huajiri watu wengi wakati wa ujenzi na wachache sana wakati wa uzalishaji. Waliosomea jiolojia au uhandisi wa mitambo kwa upana wake waliweza kugeukia migodi na viwanda. Waliochagua kozi yenye jina finyu zaidi walipata shida zaidi, ingawa walikuwa na akili zile zile.

Ukitaka kusoma soko vizuri, kusanya matangazo ya kazi ya mwaka mzima uliopita, ya Serikali na ya binafsi, na usome mstari wa sifa. Tazama kama wanataka shahada hiyo peke yake, au wanaandika "au fani inayolingana nayo." Ile ya kwanza inakulinda dhidi ya umati, lakini inakufunga mahali pamoja. Ile ya pili inakupa nafasi nyingi zenye ushindani mkubwa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi zisizofika 2,000, maombi yalizidi 100,000, na nafasi hizo zilikuwa wazi kwa wenye shahada za aina nyingi. Baada ya hapo mtafute mtu aliyemaliza kozi hiyo miaka miwili au mitatu iliyopita, umuulize wenzake watano aliokaa nao fildi wako wapi sasa. Usimuulize aliyemaliza miaka kumi na tano iliyopita. Atakueleza soko la zamani kwa uhakika mkubwa.

Kauli: "Chagua kozi yenye kipaumbele cha mkopo."
Si kweli kama sababu ya peke yake.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni uhai kwa familia nyingi, na si dhambi kuuweka mezani. Lakini mkopo hulipia kusoma, haulipii kuajiriwa. Ukishaanza kazi, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kati ya kozi mbili zinazolingana kwa vipimo vingine vyote, chukua ile yenye mkopo. Vinginevyo usiuache uamue.

Kauli: "Shahada ndiyo taaluma."
Si kweli.

Kwa kozi nyingi zinazopendwa na wazazi, shahada ni nusu ya safari, na nusu ya pili iko mikononi mwa bodi. Mhitimu wa uhandisi husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka takriban mitatu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Mhitimu wa uhasibu bado ana mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu mbele yake, na matangazo mengi ya kazi nzuri za uhasibu yanataka huo cheti cha bodi. Mhitimu wa sheria hawezi kuwa wakili mpaka apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Mwaka 2022 kulikuwa na kilio kikubwa nchini pale ambapo kati ya wanafunzi 633 wa taasisi hiyo, waliofaulu mitihani yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26, hadi Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Lawama ziligawanywa huku na huku. Kwa mwombaji, somo ni kwamba mlango wa pili upo, una ada yake na una mtihani wake, na lazima uuhesabu kabla ya kuingia wa kwanza.

Hili linabadilisha namna ya kupima uwezo pia. Anayepata wastani wa kawaida chuoni anaweza kuishia na shahada ya sheria asiyoweza kuitumia mahakamani, wakati wastani huo huo ungemtosha kabisa kwenye fani isiyo na mlango wa pili.

Kauli: "Mapenzi na ajira vikigongana, tanguliza ajira. Unachokipenda utakifanya baadaye."
Ni kweli kwa fani fulani, na kinyume chake ni kweli kwa nyingine.

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Milango ya taaluma haifanani. Mingine ukiipita leo unaweza kurudi kuigonga baada ya miaka mitano, na mingine ukiipita imefungwa mpaka uanze shahada upya. Mtu mwenye shahada ya somo linalofundishwa shuleni anaweza kuwa mwalimu kwa kusoma stashahada ya uzamili ya elimu. Mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kuanza mitihani ya bodi ya uhasibu jioni, akiwa kazini. Biashara, uandishi wa habari, utawala wa miradi, yote hayo huingiwa kutoka pembeni. Lakini hakuna anayekuwa daktari, mfamasia, mhandisi au mthamini wa ardhi kutoka pembeni. Sheria inataka shahada yenyewe.

Kwa hiyo ninashauri mpangilio huu. Anza na uwezo, kwa sababu ndio unaokuondolea yasiyowezekana. Kozi ambayo msingi wake huna, iondoe hata kama unaipenda na hata kama ina kazi. Zinazobaki, zipitishe kwenye soko, ukiuliza nani analipa na kama walipaji ni zaidi ya mmoja. Kisha uyaache mapenzi yachague kati ya zilizosalia. Zikibaki mbili zinazolingana, chagua ile ambayo mlango wake ungefungwa.

Mpangilio huu unaweka mapenzi mwisho, na najua wapo watakaoniona mkali. Lakini mapenzi hayakuwekwa mwisho ili yapuuzwe. Yamewekwa mwisho ili yawe na kauli ya mwisho, juu ya orodha ambayo haina hatari ndani yake. Na yana haki moja ya kukataa mapema: kozi unayoichukia kweli, ambayo daftari lake ulilirudisha kabla ya siku ya pili kuisha, itoke kwenye orodha hata kama una A zake na kazi ziko tele. Kutokuwa na hamu nayo sana si tatizo, kwa sababu watu wengi huanza kuipenda kazi baada ya kuimudu. Kuichukia ni jambo jingine. Anayeichukia atasoma kiasi cha kufaulu tu, na soko zuri huchagua wanaozidi hapo.

Turudi kwa kijana wa EGM. Uhasibu: hajawahi kusoma utunzaji wa hesabu, hivyo uwezo wake haujulikani. Anaweza kupima kwa kuazima kitabu cha Kidato cha Tano cha wenzake wa mchepuo wa biashara. Hata akiuweza, mlango wake hautafungwa. Ualimu wa Jiografia: uwezo upo, lakini mlipaji mkubwa ni mmoja, foleni ni ndefu, na mlango wake pia haufungwi. Kisha kuna upande ambao hakuna aliyeutaja nyumbani, kwa sababu jina lake halifanani na "Jiografia." Chuo Kikuu Ardhi kina shahada za mipango miji na mikoa, usimamizi na uthamini wa ardhi, na jiomatiki. Zote zinafanya kazi na kile anachokipenda. Tofauti zao ziko kwenye uwezo na mlipaji.

Jiomatiki ina hisabati nzito, ya aina ile inayomshinda, kwa hiyo inatoka. Mipango miji inaendana na alama zake. Walipaji wake ni halmashauri, Wizara ya Ardhi, na kampuni binafsi zinazofanya kazi za upimaji na urasimishaji wa makazi, ambazo kipato chake hupanda na kushuka kulingana na michango ya wananchi. Uthamini unatumia uchumi, sheria ya ardhi, na hesabu za riba na thamani ya fedha kwa wakati, ambazo ndizo alikuwa anazimudu. Walipaji wake ni zaidi ya mmoja. Benki haitoi mkopo wa nyumba bila kujua dhamana ina thamani gani. Kila barabara, reli au bomba linapopita kwenye shamba la mtu, lazima fidia ithaminiwe, kama ilivyofanyika kwenye njia ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Kazi hiyo ina bodi yake, chini ya sheria ya 2016, na hakuna anayeisaini bila usajili.

Siyo njia isiyo na mawe. Nafasi za uthamini kwa jumla ni chache kuliko za uhasibu, na mhitimu huanza chini ya mthamini aliyesajiliwa kwa malipo madogo huku akitafuta usajili wake. Asiye na moyo wa kwenda mashambani, kukaa na wenye nyumba wenye uchungu na kuhesabu mikorosho mmoja mmoja, hataipenda. Kwa hiyo kabla ya kuomba, ingemfaa aende kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri yake aombe kufuatana nao siku moja. Kwa hali niliyoieleza, akitoka huko bado anaitaka, ningemwambia aweke uthamini wa kwanza, mipango miji wa pili, na shahada ya Jiografia pamoja na elimu wa tatu, baada ya kusoma kwenye mwongozo wa mwaka wake masomo yanayokubaliwa kwa kila moja.

Kuna wakati ugomvi ni wa kweli na hakuna jina jingine la kozi litakaloutatua. Binti wa HKL mwenye A ya Kiswahili, anayeishi kwa fasihi, hana soko lenye walipaji wengi. Kwake ningesema achague fasihi ikiwa tu alama zake ni za juu kabisa kwenye shule yake na si nzuri tu, kwa sababu kazi chache zilizopo, za uhariri, utangazaji, tafsiri na ukalimani, huenda kwa wachache wa juu. Na akiichagua, aongeze Kifaransa au Kiarabu kuanzia mwaka wa kwanza, maana mkalimani wa lugha mbili na mkalimani wa lugha tatu hawagombei kazi moja.

Kauli: "Ukishachaguliwa, basi."
Si kweli, ila saa inakimbia.

Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja anatakiwa athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Asipothibitisha, anaweza kuikosa nafasi. Baada ya hapo kuna kipindi kifupi cha kuhama kozi au chuo, na masharti yake ni mawili: uwe na sifa za kozi unayoiendea, na iwe na nafasi. Anayegundua wiki ya pili kwamba amekosea asisubiri kuona mtihani wa kwanza. Aende ofisi ya udahili wiki hiyo hiyo, akiwa na matokeo yake mkononi, na aulize pia namna ya kuuhamisha mkopo wake, ili jina lake lisipokelewe kwenye kozi mpya huku fedha zikiendelea kwenda kwenye ile ya zamani.